Karatasi ya birika la moka kwa wageni

"Tunasafiri mwezi mzima, na kaka yangu na wifi watakaa kwetu Moshi. Wanapenda kahawa, ila hawajawahi kutumia birika la moka. Letu ni la aluminiamu, la vikombe vitatu, na tunapikia gesi. Niwaandikie nini ili wasiungue wala wasiliharibu?"

Dada yangu, andika karatasi moja na uibandike karibu na jiko. Mimi ningeandika hivi:

"Kaka na wifi, karibuni. Kahawa iliyosagwa ipo kwenye kopo kando ya jiko. Tieni maji sehemu ya chini ya birika, yaishie chini kidogo ya ile vali ya shaba iliyo ubavuni. Jazeni kahawa kwenye kichujio, isawazisheni kwa kisu bila kuishindilia, kisha futeni unga uliobaki ukingoni. Kazeni birika kwa kushika mwili wake, si mkono wake. Washeni jiko dogo, moto usitokeze nje ya kitako. Kahawa itapanda taratibu. Ikianza kupauka na kukoroma, zimeni."

Vali ndiyo usiyoweza kuiruka. Presha ikizidi, mvuke hutokea hapo. Maji yakiifunika, itarusha maji yanayochemka, na chokaa ya maji huweza kuiziba. Kabla hujaondoka, sukuma kile kipini kidogo cha katikati, kama vali yenu inacho, uone kinacheza. Kikiwa kimeganda, usiwaachie birika hilo mpaka vali ibadilishwe.

Kushindilia nako kuna ubaya wake. Maji hapa yanasukumwa na mvuke wenye nguvu ndogo kuliko ya mashine ya espreso, kwa hiyo kahawa iliyobanwa, au iliyosagwa laini kama unga wa ngano, huyazuia. Wasagie iwe na chembe ndogo zinazosikika vidoleni. Usisage ya mwezi mzima, harufu itapotea: sagia siku chache za mwanzo, uwaachie buni zilizokaangwa na kinu kikiwa kimeshawekwa kwenye kipimo hicho.

Ongeza mistari miwili ya dharura. Wa kwanza: mvuke ukivuja pale birika linapoungana, zimeni, liacheni lipoe, kisha futeni mpira na mkaze upya. Likivuja tena, mpira umechoka, hivyo waachie mpya droo ya jikoni. Wa pili uandike kwa herufi kubwa: kahawa isipotoka kabisa, ZIMENI NA MSIFUNGUE MPAKA BIRIKA LIPOE LOTE. Ndani bado kuna presha, na mtu akilifungua kwa haraka ataunguzwa na maji pamoja na machicha.

Kuhusu kuosha, wengi husugua kwa steelwaya wakidhani wanasaidia. Waambie maji ya moto na kitambaa laini vinatosha, na vipande vikauke vikiwa vimetenganishwa. Aluminiamu ikifungwa na unyevu huota madoa meupe, na kahawa inayofuata huja na ladha ya chuma.