Kabla ya Kutafsiri Mwongozo wa Mashine, Nenda Ukaione Ikisimama

Mwongozo niliokabidhiwa ulihusu mashine ya kufungashia unga wa mahindi katika pakiti za kilo 1, na rasimu ya kwanza niliiandika nyumbani kabla sijaiona mashine yenyewe. Kila mahali palipotajwa kusimamisha mashine, kuzima swichi kuu au kukata umeme, niliandika neno moja tu: "zima".

Nilipofika kiwandani, jijini Dar es Salaam, sikumwomba fundi wa zamu anieleze mashine, kwa sababu mtu akieleza kazi aliyoizoea huruka hatua nyingi. Nilimwomba aifanye mbele yangu. Plastiki ilikuwa imejikunja kati ya vyuma viwili vinavyobana na kuunganisha mdomo wa pakiti kwa joto, ambavyo mafundi huviita taya. Alibonyeza kitufe cha kusimamisha, kila kitu kikatulia, nami nikasogea nione vizuri.

"Usiguse, mwalimu," akaniambia. "Imesimama, haijazimwa."

Kwenye kioo kidogo, joto la taya lilisomeka nyuzi 150. Alizima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni, kisha akanionyesha geji ya upepo: bado ilisoma bar 6, ingawa umeme haukuwapo tena. Taya zile husukumwa na upepo wa kompresa, kwa hiyo zingeweza kubana vidole ghafla hata baada ya umeme kukatwa. Akafunga valvu ya upepo, akautoa uliobaki hadi mshale ukarudi kwenye sifuri, akasubiri taya zipoe, ndipo akaitoa plastiki.

Rasimu yangu ingemruhusu mfanyakazi kuingiza mkono baada ya hatua ya kwanza. Usiku ule niliyatenganisha maneno: "simamisha" kwa mwendo, "zima" kwa swichi, "kata umeme na ufunge kufuli" kwa matengenezo, na "toa upepo" ikawa hatua yenye namba yake. Kitufe ambacho huisogeza mashine kwa muda kinapobonyezwa tu, kinachoitwa "jog" kwa Kiingereza na ambacho kamusi ilinipotosha nikakiita cha kukimbia, nilikiita "kitufe cha kusogeza kidogo kidogo", kama nilivyosikia pale.

Ukishapata rasimu ya pili, rudi nayo. Mimi nilimpa mama anayeendesha mashine hiyo rasimu hiyo aifuate, mashine ikiwa imezimwa, nami nikanyamaza, maana ukimsaidia msomaji hutaona anapokwama. Alikwama mahali ambapo sikupatazamia: "funga valvu" na "fungua mfuniko" vilifuatana katika sentensi moja, naye akaanza na mfuniko. Maneno hayo yanafanana mno kwa mtu anayesoma kwa haraka, tena kwenye karatasi iliyojaa vumbi la unga. Nilizigawa hatua hizo mbili, na ya pili nikaiandika "inua mfuniko".