Mkojo wa presha kabla ya intavyuu: pima kwanza, usikimbilie choo

Kama wewe ni wale ambao siku ya intavyuu au mtihani au kesi unaenda chooni, unatoka, unafunga mlango, hujafika hata barabarani umebanwa tena, basi hii nakuandikia wewe. Mimi niko hivyo tangu sekondari na nimeishi na hii hali miaka mingi mpaka nikaielewa inavyokwenda, na kitu cha kwanza ninachotaka ukishike ni kwamba ile safari ya pili na ya tatu kibofu huwa hakijajaa. Mkojo upo kweli, ila ni kidogo mno.

Tupige hesabu. Figo za mtu mzima kwa siku nzima zinatoa mkojo lita 1 mpaka 2 hivi, ukigawa unapata kama mililita 1 kwa dakika, au kidogo zaidi. Sasa kama umekojoa ukamaliza, ukakaa nusu saa, kilichoingia humo ndani ni mililita 30 au 40, yaani vijiko viwili vitatu vya chakula. Kibofu kinabeba mililita 300 mpaka 500 bila shida, na mtu aliyetulia anaanza kuhisi hisi kwenye 150 au 200, tena ile hisia ya mwanzo ya kupita tu, hata hashtuki, anaendelea na kazi zake. Kwa hiyo swali ni kwamba hivyo vijiko viwili vinatubanaje namna ile?

Ni hivi, ukuta wa kibofu una neva ambazo zinapeleka taarifa kwenye ubongo muda wote, na ubongo ukiwa umetulia nyingi ya hizo taarifa unazipuuza, wewe hujui hata kama zimepita. Ukiwa na hofu ubongo unakuwa kwenye hali ya hatari, unasikiliza kila kitu mwilini, moyo unausikia, tumbo unalisikia, na kibofu hivyo hivyo, kile kidogo ambacho jana usingekihisi leo unakihisi kama dharura. Halafu juu ya hapo misuli ya chini, ile inayobeba kibofu, nayo inakaza bila wewe kujua kama mabega yanavyokaza, na ikishakaza hata ukienda chooni haiachii vizuri, unatoa kidogo, unatoka na hisia kwamba kuna kilichobaki. Ndio maana unarudi.

Niseme na upande wa pili maana sio kila kitu ni hisia. Presha ya damu ikipanda figo nazo zinaweza kutoa mkojo zaidi, na mtu mwenye hofu asubuhi mara nyingi ndiyo anakunywa chai vikombe viwili na maji juu yake kwa sababu koo limekauka. Ukinywa nusu lita kwa mkupuo, ndani ya saa moja au mbili sehemu kubwa inaweza kuwa imeshafika kwenye kibofu, hapo ile hesabu ya mililita 1 kwa dakika haifanyi kazi tena na mkojo unaoutoa ni mwingi kweli. Chai na kahawa zina kafeini ambayo kwa wengi wetu inakifanya kibofu kiwe chepesi kushtuka. Utajuaje sasa kama ni mkojo wa ukweli au ni hofu? Unapima, hakuna njia nyingine.

Mdogo wangu wa kike aliitwa usaili hapa Tanga mjini, saa 3 asubuhi, na sisi tunakaa Makorora kwa hiyo hata umbali sio wa kutisha, lakini hofu yake yote ilikuwa choo. Aliniambia, "Dada, maswali nitajibu, mi naogopa nitaomba kutoka katikati ya panel." Nikampa jagi la plastiki lenye mistari ya mililita, lile la kupimia maziwa, nikamwambia hili sasa ni lako la chooni, kila ukienda kojoa humo, andika saa, andika kiasi, andika na ulikuwa unawaza nini. Siku za kawaida akiamka asubuhi alikuwa anatoa kama 400, mchana 250 mpaka 300, kila baada ya saa tatu hivi, yaani kibofu chenye afya kabisa. Halafu Alhamisi akapigiwa simu ya kuthibitisha kama atafika. Jioni ile akaanza kwenda na kurudi, jagi likaonyesha 70, halafu 40, halafu 50. Akalileta pale uani akaninyooshea, "Yaani nilihisi itamwagika, ndio hiki tu?"

Hapo ndipo mambo yalipobadilika kwake, zaidi ya maneno yangu yote, kwa sababu aliona kwa macho kwamba kubanwa na kujaa ni vitu viwili tofauti.

Sasa tatizo kubwa liko kwenye tabia ya "ngoja niende tu nisije nikabanwa njiani". Wengi tumelelewa hivyo, mama anakwambia nenda kojoa kwanza ndio tutoke, na kwa safari ya basi kutoka Kange kwenda Dar sawa kabisa nenda, njia ni ndefu. Lakini ukifanya hivyo kila unapotoka, kila kabla ya kikao, kila kabla ya kuingia darasani, kibofu kinazoea kuita kikiwa na 100, na ubongo unajifunza kwamba tukio lolote la presha ni lazima lianze na choo. Baada ya muda hata kugusa kitasa cha mlango wa nyumbani kunatosha kukubana.

Kwa hiyo mdogo wangu tulianza na kitu kidogo, akibanwa muda sio mrefu tangu aende, anasubiri dakika 5 kabla ya kuinuka. Akizizoea zinakuwa 10, halafu 15. Lengo ni kufika saa mbili na nusu au tatu kati ya safari moja na nyingine mchana. Haiji kwa wiki moja, kwa watu wengi ni wiki 6 na kuendelea, kwa hiyo kama intavyuu ni kesho hii sio ya kesho, ila ile ya kulituliza wimbi unaweza kuianza leo.

Nasema wimbi kwa sababu ndivyo linavyokuja, linapanda, linafika juu, linashuka, hata kama hukwenda popote. Likianza kupanda usikimbie. Kukimbia kunalipandisha zaidi, na ukifika mlangoni pa choo ndio linakuwa kali kupita pote kwa sababu ubongo umeona choo. Simama pale ulipo au kaa, kiti kigumu ni kizuri zaidi. Bana misuli ya chini haraka haraka mara 5 au 6, bana achia, bana achia. Kama huijui hiyo misuli ni ile unayoibana ukiwa mbele za watu unazuia upepo usitoke, matako na tumbo visikaze, na usiifanyie mazoezi katikati ya kukojoa maana utakizoesha kibofu kutomaliza. Ukibana hivyo kuna taarifa inarudi kwenye msuli wa kibofu kuuambia ulegee, ni kitu cha mwili kabisa, sio cha kujipa moyo. Halafu pumua, ingiza kwa kuhesabu 4, toa taratibu kwa kuhesabu 6, na kichwani hesabu kuanzia 100 ukirudi nyuma kwa saba saba, 93, 86, 79. Kwa wengi ndani ya dakika moja au mbili linashuka. Likishashuka ndio unaamua, kama ni saa tatu tangu uende basi nenda kwa kutembea, kama ni nusu saa achana nalo.

Siku yenyewe tulipanga hivi. Kaamka saa 12, kakojoa, kanywa glasi moja ya maji na kikombe kimoja kidogo cha chai ya maziwa na kitumbua. Hakuacha kunywa kabisa, hili nalisisitiza kwa sababu wengi mnafunga maji kuanzia usiku mkidhani ndio dawa, halafu mkojo unakuwa mzito wa njano iliyokolea ambao kwa baadhi ya watu unakera kibofu wakabanwa zaidi, na kichwa kinauma kwenye usaili. Kuanzia saa 2 ni mafunda tu ya kulowesha koo. Safari za choo zilipangwa mbili, moja akitoka nyumbani saa 2 kasoro, moja ya mwisho akifika pale kabla hajaitwa, basi. Na ile ya mwisho nilimwambia akae sawa sawa, maana vyoo vya kukalia vya ofisini dada zangu wengi mnaogopa kugusa mnaning'inia nusu, miguu inatetemeka, na ukiwa umening'inia misuli ya chini hailegei vizuri kwa hiyo unaweza kutoka hujamaliza. Futa, weka tishu, kaa. Cha kuchuchumaa hakina shida hiyo, ila usisukume, acha utoke wenyewe, ukimaliza subiri sekunde kadhaa, inama mbele kidogo, jaribu tena.

Wimbi lilimjia akiwa kwenye benchi la kusubiria, akabana, akahesabu, likapita. Ndani alikaa dakika arobaini hivi na anasema baada ya swali la pili hakukumbuka tena kama ana kibofu, na hilo ni la kawaida, akili ikishapata kazi zile taarifa zinarudi kupuuzwa.

Haya yote ni kwa mkojo wa presha peke yake, na wenyewe una alama zake: ni kidogo kidogo, unakuja na tukio na kuondoka na tukio, na ukishalala haukuamshi. Ikiwa unakojoa mwingi kila mara, mchana na usiku, na kiu haiishi, na labda unapungua uzito, hiyo kapime sukari. Ikiwa ni kidogo kidogo lakini unachoma, au una homa, au unauma chini ya kitovu au ubavuni, hayo yanaweza kuwa maambukizi kwenye njia ya mkojo, na hapo usijizuie kabisa, nenda ukapime, hasa ukiwa mjamzito. Mwanaume mtu mzima ambaye mkojo unatoka kwa kukatika katika au unachelewa kuanza, aangaliwe tezi dume. Na sisi wa huku pwani kichocho cha mkojo kipo, ukiona damu, hasa matone ya mwisho, hata kama haiumi na hata kama imekuja wiki ya mtihani, usiseme ni stresi. Peleka mkojo maabara, na ukiweza upeleke ule wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana kwa sababu ndio muda mayai ya kichocho yanatoka kwa wingi, na dawa yake ipo, inaitwa prazikwanteli.