CHAMAVIKO? Hebu lisomeni tena kwa sauti

Swali: "Shikamoo mwalimu. Sisi vijana wa Kongowea twaanzisha kikundi, jina kamili ni Chama cha Maendeleo ya Vijana Kongowea. Tukalikata tukapata CHAMAVIKO, katibu kulisoma tu mkutano mzima ukaangua kicheko. Mwengine akaleta UVIKO, nayo ikakataliwa. Hivi kukata maneno kuna kanuni ama kila mtu akata atakavyo? Na mbona Wazungu wao wachukua herufi moja moja na sisi twachukua vipande?"

Marahaba. Na mimi nimecheka msinilaumu, maana nililisoma jina lenu nikiwa kwenye matatu na jirani yangu akanitazama vibaya.

Kwanza niwape haki yenu: mmekata vizuri kabisa. CHA ya chama, MA ya maendeleo, VI ya vijana, KO ya Kongowea, na vile viunganishi vya katikati, "cha" na "ya", mkavitupa. Ndivyo inavyofanywa. Ukitazama BAKITA, lile Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania lililoanzishwa 1967, ni BA ya baraza, KI ya Kiswahili, TA ya taifa, na "la" zote mbili zimeachwa nje. CHAKITA ya hapa kwetu Kenya ni hivyo hivyo, Chama cha Kiswahili cha Taifa. Kwa hivyo kosa lenu haliko kwenye kisu, liko kwenye sikio, nitalirudia.

Sasa hili la vipande na herufi. Silabi ya Kiswahili karibu kila mara yaishia na irabu, ba, ki, ta, mwi, nje, kwa hivyo ukikata mwanzo wa neno kwa silabi nzima unabaki na kitu kinachotamkika, na ukiviunganisha vitatu vinne unapata neno ambalo ukimpa bibi yako atalitamka bila kuuliza. Ukichukua herufi tupu mara nyingi wapata konsonanti zimesongamana. Jaribuni jina lenu kwa herufi: CMVK. Hilo si neno, hilo mtu atalisoma herufi moja baada ya nyingine, tena kwa majina ya Kiingereza, "si-em-vi-kei", kama vile Watanzania wanavyosema "si-si-em" kwa CCM ijapokuwa jina lenyewe, Chama cha Mapinduzi, ni Kiswahili kitupu.

Wazungu nao si kwamba hawataki neno linalotamkika, wao mara nyingi huchukua herufi na wakibahatika irabu zikaangukia mahali pake ndio wapata neno. KANU na KADU, vyote viwili vya 1960, ni herufi nne nne za Kiingereza lakini zilivyokaa konsonanti irabu konsonanti irabu, wazee wetu wa Pwani waliokuwa na KADU ya Ronald Ngala walilitamka kama neno la nyumbani. Ile bima ya afya ya zamani, NHIF, haikubahatika, miaka yote tuliisoma herufi kwa herufi mpaka ulimi wachoka, halafu 2024 ikaja SHA na siku hiyo hiyo kila mtu akasema "sha" tu, hakuna aliyefundishwa. Ni silabi ya Kiswahili imejileta yenyewe.

Lakini mfano mtamu zaidi ni hiyo hiyo UVIKO mliyoikataa, ingieni ndani yake kidogo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza jina COVID-19 tarehe 11 Februari 2020. CO ni ya korona, VI ya virusi, na D ni herufi ya kwanza ya neno lao la ugonjwa. Kiingereza chatanguliza maelezo, jambo lenyewe laja mwisho, kwa hivyo ugonjwa ukakaa mkiani. Kiswahili chatanguliza jambo lenyewe: ugonjwa wa virusi vya korona. Ukikata hapo wapata U-VI-KO. Wekeni mawili hayo pamoja, KO-VI-D na U-VI-KO, ni kama mtu na picha yake kwenye kioo, VI imekaa pale pale katikati na pembeni zimebadilishana viti. Na ile D ya mwisho ambayo yawatia waswahili kigugumizi mpaka wengine wanasema "kovidi", kwenye UVIKO haipo. Aliyeliunda hakutafsiri jina la Kiingereza, alitafsiri maana kisha akakata, na hapo ndipo wengi wanapokosea, wanafuata mpangilio wa Kiingereza wanapata "Kongowea Vijana Maendeleo", KOVIMA, halafu ukiwauliza kirefu chake wanaanza kutafuta "ya" na "wa" za kubandika na hazikai.

Ila kwa kikundi chenu mlifanya vyema kuikataa. Umoja wa Vijana Kongowea ungekatika UVIKO kihalali kabisa, lakini nani atachangia kikundi chenye jina la ugonjwa?

Haya, turudi kwa CHAMAVIKO. Neno likishaundwa lasahau lilikotoka. Msikilizaji hajui kwamba MA ni maendeleo na VI ni vijana, yeye asikia sauti, na sikio la Mswahili likipewa sauti ngeni hutafuta ndani yake neno linalolijua. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hivyo jina lenu lasomwa cha-ma-VI-ko, ule uzito wote waangukia VI na nyuma yake kuna MA imekaa tayari. Sihitaji kumalizia. Si kila neno lililojificha ni baya, TAKUKURU ya Tanzania, Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, ina kuku mzima ndani yake na hakuna anayejali, maana kuku hana aibu.

Nimejaribu kuwapangia upya. Mkisema chama cha vijana Kongowea cha maendeleo, mwapata CHAVIKOMA, na koma kwa ndugu zetu Wamijikenda ni mizimu ya wazee, mtaitisha mkutano watu walete kuku mweusi. Mkikata Kongowea silabi mbili, VIKONGO, hapo vijana mmekuwa vikongwe kabla ya kuoa. Na msije mkakata "KON", kwa sababu neno hilo lagawika ko-ngo-we-a, ile n ni ya g, ukiikata katikati umevunja silabi na neno litaishia na konsonanti. Ndiyo maana UKIMWI, ambayo ni ukosefu wa kinga mwilini, imechukua MWI nzima na haikuishia M.

VIMAKO, vijana wa maendeleo Kongowea, yatamkika vizuri na haina matusi, ila ina tatizo la ngeli. Neno likianza na VI watu watalipeleka kwenye wingi wa KI-VI bila kufikiri, utasikia "VIMAKO vimekuja", na mwanachama mmoja ataitwa kimako mpaka azeeke. Kawaida kifupisho hufuata ngeli ya lile neno kuu, twasema TAKUKURU imemkamata kwa sababu ni taasisi imemkamata, na UKIMWI umeenea kwa sababu ni ukosefu, na hapo ilikuwa bahati zaidi maana ile U ya mwanzo yenyewe yafanana na ngeli yake. Nafikiri ndiyo sababu moja iliyofanya neno hilo likaingia haraka hivyo hadi sasa watu huliandika kwa herufi ndogo, ukimwi, kama homa au surua. Mwenzake VVU hakupata bahati hiyo, hakuna irabu baina ya V na V, watu wengi bado wasema "virusi".

Kuna mzee mmoja huniambia mambo haya ya kukatakata ni uharibifu wa lugha ulioletwa na vijana. Mimi humuuliza, mzee, mwanao wamwitaje? Asema "mwanangu". Mwana wangu imekatwa ikagandishwa, sawa na mke wake ikawa mkewe, na mwenye enzi ikawa Mwenyezi. Na akikaribishwa chakula hujibu "nshakula", ambayo ilianza safari ikiwa "nimekwisha kula", ikawa nimeshakula, ikawa nishakula, kitenzi kizima cha kwisha kimebaki "sha" tu. Tofauti ni kwamba hizi zilikatwa na ulimi polepole hakuna aliyekaa mkutano, zenu zakatwa kwenye karatasi kwa siku moja. Ndiyo maana "chajio", chakula cha jioni, imeingia vitabu vya shule na mtoto akiiandika kwenye insha yapita, lakini nyumbani kwangu sijasikia mtu akiita watu waje kula chajio. Ikilinganishwa na "chamcha", chakula cha mchana, hata hivyo ina afadhali, maana ukisikia "jio" waiona jioni, na ukisikia "mcha" mimi naona mcha Mungu.

Pendekezo langu, badilisheni neno la kwanza, mwite jumuiya badala ya chama. Jumuiya ya Vijana wa Maendeleo Kongowea, JUVIMAKO. Mkazo unakuja kwenye MA, ju-vi-MA-ko, JU haivuti ngeli yoyote, kwa hivyo mtasema JUVIMAKO imekutana, kama jumuiya imekutana. Nimeitafuta kila upande sijaona neno la aibu ndani, lakini mimi ni mmoja na masikio yangu ni mawili. Kabla hamjachonga muhuri mpigieni simu mtu asiyejua habari hii, mumtajie jina mara moja tu, kisha mumwambie aliandike na awatumie. Akiliandika sawa na asicheke, chongeni.