Picha zangu ziko Google Drive, diski ya nje ya nini tena?

"Wakuu, picha zangu za kazi ziko kwenye laptopu na zinajisinki zenyewe Google Drive. Kuna haja gani ya kununua diski ya nje?"

Haja ipo mkuu. Napiga picha za harusi hapa Tanga, studio iko Ngamiani, na niliwaza hivyohivyo mpaka yaliponikuta. Mdogo wangu aliona laptopu imejaa, akafuta folda ya sendofu moja akijua wingu linayo. Kumbe kusinki ni kufananisha pande mbili: ukifuta huku, na kule kunafutwa. Wiki ya saba mama wa bibi harusi akaja kuagiza albamu. Hela nilimrudishia, lakini alichokuwa anakitaka ni picha ya marehemu mama yake akimfunga mjukuu kanga, na ile sikuwa nayo tena. Mpaka leo inaniuma.

Google Drive yako nayo hukaa na kilichofutwa siku 30 tu kwenye Trash, kisha kinaondoka moja kwa moja.

Kanuni inataka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali na jengo. Laptopu na wingu ukizihesabu ni mbili, ila kidole kimoja kinazifuta zote. Nakala ya tatu lazima iwe ile isiyofuata kila inachofanya laptopu.

Kwa hiyo kila Jumamosi nachomeka diski na kuendesha hii kwenye Windows:

```
robocopy D:\Picha E:\Picha /E /XC /XN /XO
```

Hapo `D:` ni laptopu na `E:` ni diski ya nje. Hiyo `/E` inachukua folda zote na zilizomo ndani yake. Hizo tatu za mwisho zinazuia faili lililokwisha kuwepo kwenye diski lisiandikwe juu yake, hivyo picha ikiharibika kwenye laptopu, ile nzima inabaki salama. Gharama yake ni kwamba picha uliyoihariri lazima uihifadhi kwa jina jipya, la sivyo haitapita. Usiweke `/MIR` hata kidogo: hiyo inafuta kwenye diski kila kisichopo kwenye laptopu, yaani umerudi kulekule kwenye kusinki.

Ikimaliza, soma jedwali la chini. `FAILED` iwe 0. Kisha angalia `Extras`: hivyo ni vitu vilivyopo kwenye diski lakini kwenye laptopu havipo. Halafu fungua picha mbili tatu za wiki hiyo kutoka kwenye diski yenyewe, ichomoe, uende nayo nyumbani. Ikishinda imechomekwa, kirusi kinachofunga mafaili kitaifunga pamoja na laptopu, na umeme wetu huu ukirudi kwa kishindo unaweza kuziunguza zote mbili.

Mwezi uliopita `Extras` kwenye mstari wa `Dirs` ilisoma 1. Folda ya maulidi ilikuwa imefutwa siku nne nyuma, bado iko Trash. Nikairudisha jioni ileile.