Mistari ya kwanza ya About: wadogo zangu wa kutoa mizigo, sikieni

Wiki hii nimepitia kurasa za LinkedIn za vijana watano wanaoanza kazi ya uwakala wa forodha. Wanne wameanza About na "Mimi ni kijana mchapakazi mwenye ari ya kujifunza." Nawapenda, lakini jamani! Sehemu ile inabeba herufi 2,600, na msomaji anaonyeshwa mistari michache tu mpaka abonyeze "see more". Wengi hawabonyezi.

1. Anza na mzigo: unatoa nini, wapi, unaupeleka wapi. Hili nililijua kwa kuumia. Nilipoanza kujitegemea, niliandika "Karibu sana kwenye ukurasa wangu," nikaacha mstari mtupu ili papendeze, kisha "Nina shauku ya kuwahudumia wateja kwa uadilifu." Mstari mtupu nao unahesabiwa, kwa hiyo kwenye simu maneno yalikatika hapohapo. Miaka yangu minne ya kupitisha mizigo ya transiti Tunduma kwenda Lubumbashi ilikuwa aya ya tatu.

Mama mmoja anayeuza vipuri vya migodi alikuwa anatafuta mtu wa njia hiyohiyo, na dereva akampa jina langu. Alifungua ukurasa, akasoma, akampa kazi mwingine. Miezi kadhaa baadaye tulikutana Tunduma. "Mwanangu, kumbe unafanya transiti? Mbona hukuandika?" Nikamfungulia ile aya. Akasoma polepole, akanirudishia simu: "Huku sikufika." Yalikuwa makontena sita, na mwezi ule nilikuwa nadaiwa kodi ya ofisi. Usiku huohuo, nikiwa gesti, nilifuta salamu na shauku, nikaandika:

"Natoa mizigo ya transiti bandari ya Dar es Salaam na kuifikisha Lubumbashi kupitia Tunduma na Kasumbalesa, hasa vipuri vya migodi."

Uadilifu niliushusha chini, ukiwa na maelezo ya jinsi ninavyompa mteja risiti zote za bandarini.

2. Usirudie cheo. Headline iko juu tayari, chini ya jina lako.

3. Kagua kwenye simu ya mtu mwingine. Kioo cha simu ni chembamba, kwa hiyo huko maneno hukatika mapema kuliko kwenye kompyuta. Jana nilikaa na binti mmoja wa hapa ofisini. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa nzuri, ila ilizunguka: "Kwa kipindi cha miaka miwili nimepata fursa ya kushughulika na wateja mbalimbali katika usafirishaji wa..." ikakatika. Wa nini? Wa parachichi! Anajua makontena ya baridi kuliko mimi: joto la kuweka, vibali vya afya ya mimea, saa za kuwahi meli. Tukaisuka upya: "Nasafirisha parachichi za Njombe kwenda nje kwa makontena ya baridi." Tukaazima simu ya mlinzi, tukafungua. Safari hii parachichi zilionekana, na Njombe pia.