Mistari ya gama ya urani-238 haifuati J(J+1)

"Wakubwa, niko Chiromo mwaka wa nne. Nimepewa mistari ya gama ya urani-238: 44.9, 103.5, 158.8 na 210.9 keV. Nikigawa kwa 6, 20, 42 na 72 sipati namba moja. Kiini hiki kweli kinazunguka?"

Kinazunguka, ndugu yangu. Shida ni kwamba umegawa gama badala ya ngazi. Kila gama ni tofauti ya ngazi mbili, kama nauli ya kutoka stegi moja hadi nyingine. J(J+1), J ikiwa namba ya mzunguko wa ngazi, inahesabu safari nzima kutoka chini. Jumlisha kwanza: 44.9, 148.4, 307.2, 518.1. Hizo ndizo ngazi za J = 2, 4, 6, 8. (J witiri hazipo kwenye mkanda huu kwa sababu kiini kina umbo la yai lisilo na ncha, ukikigeuza nusu mzunguko kinabaki vilevile.)

Sasa gawa: 7.48, 7.42, 7.31, 7.20. Pia 148.4/44.9 ni 3.31, karibu kabisa na 20/6. Kiini cha duara kinachotetemeka tu kingekupa takriban 2.

Huo mteremko mdogo usiufute kwa kukadiria. Mimi niliwahi kuufuta nikakatwa alama, na ni haki. Namba unayoipata ni ħ²/2I. I ni momenti ya inesha, yaani ugumu wa kukizungusha kiini. Namba ikishuka, I inapanda: kasi inalegeza jozi za nyutroni na jozi za protoni, na kiini hurefuka kidogo. Kwa hiyo tafuta I kutoka ngazi ya kwanza, ukitarajia za juu zikae chini ya makadirio yako.