Umemfuta muuza madafu, nguzo ya taa ikawa mbili

Ukimwondoa mtu aliyekuwa anatembea kwenye panorama, mara nyingi kasoro mpya inazuka hatua chache tu kutoka pale alipokuwa. Nguzo inakuwa mbili, au uzio unakatika na kuendelea juu kidogo. Wengi hapo huanza kuongeza pointi za kuunganishia picha. Mara nyingi hazisaidii kitu, na nitaeleza kwa nini.

Chukua picha niliyoitengeneza ya Kivukoni, upande wa bahari, Kigamboni ikionekana ng'ambo. Zilikuwa picha tano za simu, nimegeuka kutoka kushoto kwenda kulia. Muuza madafu alikuwa anasukuma baiskeli yake kuelekea huko huko kulia. Kwenye picha ya pili yuko kushoto kwa nguzo ya taa, kwenye ya tatu ameshaipita. Katika Hugin, programu ya kuunganisha picha kuwa panorama, nilifungua `Masks`, nikamzungushia maski ya `Exclude region`, yaani eneo lisitumike, pamoja na baiskeli na kivuli chake. Pengo lililobaki kwenye picha ya tatu likajazwa na picha ya pili, ambako pale mahali palikuwa wazi. Muuza madafu akaondoka kweli, ila palipokuwa pake pamesimama nguzo ya pili, kando kidogo ya mwenzake, na stika ile ile iliyochanika kiunoni.

Sababu ni jinsi tunavyogeuka na simu. Ukiinyoosha nusu mita mbele ya kifua na kugeuka digrii 30, lensi inahama karibu sentimita 26. Kwa nguzo iliyo mita 3 kutoka kwako, huko ni kuhama karibu digrii 6. Kigamboni iko mbali, haitikisiki. Kwa hiyo hata programu ikiulinganisha ufuo wa ng'ambo vizuri kabisa, nguzo itakaa sehemu mbili tofauti kwenye picha mbili, na hakuna pointi itakayozileta pamoja bila kuvuruga ufuo.

Ila hakikisha kwanza kwamba ndiyo hiyo. Kabla ya kuweka maski, mwambie Hugin atoe kila picha peke yake ikiwa imeshakunjwa mahali pake (`Remapped Images`), kisha zifungue kwenye programu ya kuhariri picha ya GIMP, moja juu ya nyingine, na ya juu uiweke `Difference`. Panapolingana panakuwa peusi. Ufuo ukiwa mweusi na nguzo zikang'aa mbili, tatizo ni lensi kuhama. Ufuo nao ukiwa na kingo zinazong'aa, hapo pointi ndizo mbovu: futa zilizong'ang'ania mtu, mawimbi, mawingu au pantoni, halafu linganisha upya. (Pantoni nayo hujirudia. Bahati nzuri pale Feri pantoni mbili majini hazimshtui mtu, lakini zenye magari yale yale zitashtua.)

Kama ni lensi, amua nguzo itoke picha gani, kisha itoe nzima huko, kuanzia taa ya juu hadi kitako na kivuli chake. Kwenye kazi hii nilichagua picha ya pili, kwa kuwa pengo lilikuwa linajazwa na hiyo hiyo. Basi maski ya picha ya tatu nikaipanua, ikamfunika mtu na nguzo kwa pamoja. Nguzo ya picha ya tatu ikaondoka, ya picha ya pili ikabaki peke yake. Angalia tu kwamba eneo unalolipanua halimrudishi muuza madafu yule wa picha ya pili. Kama anaingia, ibana maski mpaka kwenye ukingo wa nguzo.

Mshono, yaani mstari ambapo picha mbili zinakutana, sasa unapita majini, kwenye uzio na kwenye sakafu ya njia. Maji hayana shida: mawimbi hayafanani hata hivyo, kwa hiyo lainisha mshono kwa upana, hata pikseli mia. Uzio ndio mgumu. Ukiulainisha kwa upana hivyo, bomba litaonekana mawili yaliyofifia, na ndiyo kasoro ninayoiona zaidi kwenye kazi za watu. Pale mshono uwe mwembamba, pikseli moja au mbili, na uupitishe kwenye kiungo ambapo bomba la kulala linakutana na lililosimama, maana jicho linatarajia badiliko hapo. Ncha zikipishana kidogo, zisogeze kwa `Warp Transform`, ukianza mbali na mshono ili bomba lipinde polepole. Zikipishana sana, hamishia mshono kwenye kiungo kinachofuata.

Sakafu iliyofunikwa na mtu kwenye picha zote mbili haiko popote, na maski haiwezi kuileta. Hapo tumia `Clone`, uchukue vigae vilivyo umbali ule ule kutoka kwako, si vya mbele wala vya nyuma, la sivyo mistari ya vigae haitafika inakotakiwa.